"Gawa kwa mbili" si hesabu ya ekseli: dhana potofu kuhusu pauni, kilo na tani

Lori lililoundwa kwa soko la Marekani huwa na kibao karibu na mlango wa dereva, aghalabu kwenye nguzo yake. GVWR ni uzito wote ambao mtengenezaji ameruhusu lori liwe nao likiwa na mzigo, na GAWR ni uzito ambao kila ekseli inaweza kubeba. Tarakimu ni za pauni, na kilo huandikwa kando. Kasheshe huanza pale upande wa kilo unapokuwa umekwaruzika au kupakwa rangi, zikabaki pauni peke yake. Mzani unasoma kilo, sheria ya barabara inataja tani, na hati ya mzigo imekuja na "tani" ambayo haijasema ni tani ipi.

Nitashika lori moja tu mwanzo hadi mwisho. Lina ekseli moja ya usukani mbele na mbili za nyuma zilizofuatana. Kibao chake kinasema mbele pauni 12,000, nyuma pauni 40,000 kwa ekseli zote mbili pamoja, jumla pauni 52,000. Likiwa tupu, na tangi limejaa na dereva yumo, mzani unaonyesha kilo 4,200 mbele na kilo 4,600 nyuma. Kwa mfano huu, sheria ya barabara iwe tani 8 kwa ekseli ya usukani na tani 18 kwa jozi ya nyuma. Nchi hazifanani, kwa hiyo weka tarakimu za barabara unayopita. Hati ya mzigo inasema tani 16.

Dhana: Pauni mbili ni kilo moja, kwa hiyo gawa kwa mbili

Pauni moja ni kilo 0.45359237 kamili. Ndiyo thamani waliyokubaliana Marekani, Uingereza na nchi nyingine kadhaa mwaka 1959. Ukigawa kwa mbili unakuwa umeiweka pauni kwenye kilo 0.5, yaani umezidisha kwa zaidi kidogo ya asilimia 10.

Kinachoniudhi kuhusu kosa hili ni kwamba watu huliita dogo bila kuuliza linaelekea upande gani. Ukigawa *mzigo* kwa mbili, utaudhani mzito kuliko ulivyo, na hasara yako ni kwamba umebeba pungufu. Lakini ukigawa *kikomo* kwa mbili, umejipa ruhusa ambayo ekseli haina. Chukua ekseli ya mbele ya lori letu. Pauni 12,000 ukizigawa kwa mbili unapata kilo 6,000. Hesabu sahihi ni kilo 5,443. Hizo kilo 557 za katikati hazipo, ila aliyegawa kwa mbili atazipakia.

Kama huna kikokotoo mkononi, gawa kwa mbili kisha toa sehemu moja ya kumi ya ulichopata. 12,000 inakuwa 6,000, toa 600, unabaki na 5,400. Imepungua kidogo chini ya 5,443, na kwa kikomo kupungua ndiko tunakokutaka. Usitumie njia hiyo kwa mzigo, maana huko kupungua kunakudanganya: pauni 32,000 zitakuonyesha kilo 14,400 wakati kweli ni 14,515. Mzigo uzidishe kwa 0.454, utapata 14,528, umezidi kidogo na uko salama. Kikomo hukadiriwa kwa kushusha, mzigo hukadiriwa kwa kupandisha.

Dhana: Tani ni tani

Kwa Kiswahili tunasema tani tu, na hapo ndipo zinapochanganyika tatu. Tani ya metriki ni kilo 1,000. Tani fupi, inayotumika Marekani, ni pauni 2,000, sawa na kilo 907. Tani ndefu, ya Uingereza ya zamani, ni pauni 2,240, sawa na kilo 1,016. Hiyo ndefu utaikuta kwa nadra, lakini fupi bado inasafiri na hati kila siku.

Kwa lori letu neno hilo moja ndilo linaloamua kama safari ipo au haipo. Tutafute kwanza nafasi iliyopo. Mbele, kibao kinaruhusu kilo 5,443 na barabara inaruhusu 8,000, basi tunashika 5,443. Nyuma, kibao kinaruhusu kilo 18,144 na barabara inaruhusu 18,000, basi tunashika 18,000. Angalia kwamba mbele kibao ndicho kilichobana na nyuma ni sheria. Ndiyo maana kila ekseli hupimwa peke yake, kwa kikomo kilicho kidogo kati ya vyote vinavyoihusu, matairi yakiwemo. Jumla ya vikomo ni kilo 23,443, nayo iko chini ya GVWR ya kilo 23,587. Toa uzito wa lori tupu, 8,800, nafasi ya mzigo inabaki kilo 14,643.

Tani 16 fupi ni kilo 14,515. Zinaingia, na akiba ni kilo 128. Tani 16 za metriki ni kilo 16,000, zimezidi kwa kilo 1,357.

Utajuaje ni zipi? Acha neno, tazama mfuko. Kama umeandikwa 50 lb, pembeni mara nyingi utakuta 22.68 kg, na mifuko 640 ya namna hiyo ndiyo tani 16 fupi. Kama umeandikwa 50 kg, mifuko 320 tayari ni tani 16 za metriki. Ukizidisha idadi ya mifuko kwa uzito wa mfuko mmoja, ubishi wa tani unaisha palepale kwenye bodi. Mizigo isiyo ya mifuko inataka uulize uzito kwa kilo au kwa pauni, usikubali kujibiwa kwa tani. (Na kumbuka kuongeza paleti za mbao na maturubai, akiba ya kilo 128 huliwa na vitu hivyo kabla lori halijawashwa.)

Dhana: Jumla ikiwa sawa, ekseli ziko sawa

Tuseme ni tani fupi. Lori na mzigo ni kilo 23,315, chini ya kila jumla tuliyoihesabu. Mhasibu ameridhika, na dereva anataka kuondoka.

Umbali kutoka ekseli ya mbele hadi katikati ya jozi ya nyuma ni mita 5. Mzigo umepangwa ukaegemea kabini, kitovu cha uzito wake kikawa nusu mita mbele ya katikati ya jozi ya nyuma. Gawa 0.5 kwa 5, unapata sehemu moja ya kumi: hiyo ndiyo sehemu ya mzigo inayobebwa na ekseli ya mbele. Ni kilo 1,452. Jumlisha na 4,200 za lori tupu, mbele inakuwa kilo 5,652. Imezidi kibao kwa kilo 209. Nyuma ina 17,663 na haijafikia 18,000.

Rudi sasa kwa yule aliyegawa kwa mbili. Kikomo chake cha mbele ni 6,000, kwa hiyo 5,652 anaiona salama kabisa. Anafika mzani wa barabarani, kikomo cha sheria pale ni 8,000, anapita bila neno. Hakuna aliyemwambia kitu. Lakini springi za mbele, beringi za gurudumu na kingipini zinabeba kuliko zilivyoundiwa, na kila anapokanyaga breki uzito unazidi kuhamia mbele. Dalili huja polepole: usukani unakuwa mzito, tairi za mbele zinakula pembeni, springi inalala.

Ukirudisha mzigo nyuma kwa sentimita 10, kitovu kikawa sentimita 40 mbele ya jozi, ekseli ya mbele inabeba sehemu 8 kwa 100 za mzigo, kilo 1,161. Mbele inakuwa 5,361 na nyuma 17,954. Zote ziko ndani, ila kwa kilo 82 na kilo 46 tu. Ukirudisha sentimita 2 zaidi, nyuma inavuka 18,000. Mimi nisingeondoka na mpangilio huo. Mzigo unasogea njiani na mzani wenyewe husoma kwa hatua, mara nyingi za kilo 20. Ningeshusha mifuko 40, ambayo ni kilo 907, nikapima tena.

Dhana: Mzani haukosei, kilichoandikwa kwenye kioo ndicho uzito

Mizani ya kubebeka, ile ya pedi zinazowekwa chini ya magurudumu, nyingi ina kitufe cha kubadili kg na lb. Niliwahi kusimama kando ya lori tupu, kioo kikasoma 9,260 kwa ekseli ya mbele, na vijana wakaanza kubishana kama springi imevunjika. Alama ndogo ya lb ilikuwa imefunikwa na vumbi kwenye kona ya kioo. Pauni 9,260 ni kilo 4,200.

Kosa hilo lilijitangaza kwa kuwa tarakimu ilikuwa kubwa mno. La kuogopwa ni la kinyume, pale mtu anaposoma 5,652 za kilo akizidhani pauni, akazilinganisha na 12,000 za kibao na kuona bado nafasi ni nusu. Kinga yake ni kupima lori tupu kwanza, kwa sababu uzito wake unaujua. Kioo kikikupa karibu mara 2.2 ya unaoujua, umepewa pauni. Kikikupa karibu nusu, angalia kama umesoma pedi ya gurudumu moja ukasahau ya upande wa pili.

Dhana: Uzito wa tairi zidisha kwa idadi ya tairi

Ubavuni mwa tairi la lori kuna viwango viwili, kila kimoja kwa kilo na pauni. Cha kwanza ni cha tairi linalosimama peke yake, cha pili ni cha tairi lililofungwa kwa jozi, nacho ni kidogo. Tairi lenye namba 146/143, kwa mfano, linabeba kilo 3,000 likiwa peke yake na kilo 2,725 likiwa kwenye jozi. Kwa ekseli ya nyuma yenye tairi 4, hesabu ni 2,725 mara 4, yaani kilo 10,900, si 12,000. Na mtu akichukua pauni za kiwango kimoja akazilinganisha na kilo za kingine, makosa mawili yanabebana na hesabu inaonekana safi. Shika safu ya kilo peke yake, uandike kwa chaki kwenye bodi kabla mfuko wa kwanza haujapanda.