Mpango wa siku 30 wa kumpokea mfanyakazi mpya: maana yake na namna ya kuupanga

Mpango wa siku 30 ni karatasi moja au mbili zinazosema mfanyakazi mpya ataweza kufanya nini peke yake mwezi ukiisha, nani atamfundisha kila kazi, na siku gani. Ukikosa kimojawapo kati ya hivyo vitatu, ulichonacho ni ratiba ya kukaribisha mgeni tu.

Watu wengi huuchanganya na vitu viwili vinavyoishi jirani yake. Cha kwanza ni mafunzo elekezi, yaani ile siku moja au mbili za kumtembeza mgeni ofisini, kumwonyesha taratibu na kumjazisha fomu. Cha pili ni kipindi cha majaribio, ambacho ni suala la mkataba na kwa kawaida huchukua miezi kadhaa. Mafunzo elekezi huingia ndani ya mpango, siku 30 huisha kipindi cha majaribio kikiendelea, na hakuna kimoja kinachochukua nafasi ya mwenzake.

Kwenye kampuni kubwa kuna idara ya rasilimali watu na mtu wa kufundisha. Kwenye timu ya watu watano hakuna. Anayefundisha ni yuleyule mwenye kazi zake, na kila saa anayomfundisha mgeni ni saa aliyoitoa kwenye oda, hesabu au gari. Kwa hiyo kitu adimu kwenye timu ndogo ni muda wa wenzake mgeni, na kupanga siku 30 ni kugawa muda huo kwa akili.

Tuchukue mfano wa kampuni ya Sinza inayouza sabuni, karatasi za chooni na vifaa vya usafi kwa maofisi na migahawa. Wapo watano: mwenye kampuni, dada wa mauzo, mhasibu, mzee wa stoo na dereva. Wanamwajiri binti wa kushika oda, ili dada wa mauzo apate nafasi ya kutoka kutafuta wateja.

Mpango huanza kuandikwa kutoka mwisho. Mwenye kampuni anajiuliza: siku ya 30, ni kazi gani sitaki kuigusa tena? Hapa jibu ni kwamba binti apokee oda ya mteja wa siku zote kwa simu au WhatsApp, ahakikishe mzigo upo stoo, atoe profoma, apange safari na dereva, ahakikishe mteja amepata risiti ya EFD, kisha afuatilie malipo. Ni mnyororo mmoja wenye hatua sita. Halafu anaandika ambavyo binti hatavifanya mwezi huu: kupanga bei, kumkopesha mteja zaidi ya kiwango chake, na kushughulikia mteja mpya mkubwa. Orodha hii ya pili wengi huiruka, na ndiyo inayomzuia mgeni asiahidi punguzo wiki ya kwanza kwa sababu mteja alimsemesha kwa upole.

Baada ya hapo inakuja kalenda, na hapa ndipo mipango mingi ya Dar huvunjika. Mhasibu wa kampuni ndogo ana tarehe mbili zisizochezewa. Kodi ya mishahara ya mwezi uliopita inatakiwa TRA kufikia tarehe 7, na ritani ya VAT kufikia tarehe 20. Ukimwambia afundishe mtu tarehe 18, atasema sawa, lakini mgeni atakaa pembeni ya meza yake akitazama mtu anayehangaika na risiti. Kwa hiyo binti wetu anaanza Jumatatu tarehe 8. Vipindi vyake na mhasibu vinawekwa wiki ya kwanza na ya tatu, wiki ya pili mhasibu anaachwa na VAT yake. Mwisho wa mwezi unamkuta wiki ya nne, na huo ndio wakati mzuri wa kuona taarifa za madeni zikitumwa kwa wateja, maana keshaelewa madeni hayo yametokea wapi. Kama mwezi wenyewe ni Juni, siku ya 30 inaangukia Sabasaba, basi tathmini isogezwe mapema.

Muda wa kufundisha nao unaandikwa kwa hesabu. Wiki ya kwanza inaweza kuhitaji saa mbili kwa siku, zikigawanywa kwa watu wawili. Wiki ya pili saa moja, ya tatu nusu saa, ya nne robo saa jioni. Kwa siku tano za kazi kila wiki, jumla haifiki saa 20. Timu isiyoweza kutoa saa hizo ndani ya mwezi haina nafasi ya kupokea mtu mwezi huo, na ni afadhali ijue kabla ya kuajiri.

Ya makaratasi yamalizwe haraka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi anapoanza kazi: kazi yake ni ipi, ataifanyia wapi, saa za kazi, mshahara na mengineyo. Namba ya NIDA, TIN na namba ya uanachama wa NSSF ziombwe kabla hajafika, ili asubuhi ya kwanza isiliwe na fomu. Vivyo hivyo meza, kompyuta, nywila na namba za simu za wateja. Mgeni anayesubiri nywila mpaka Alhamisi amepoteza wiki ambayo wenzake walikuwa tayari kumfundisha.

Siku ya kwanza apewe kazi ya kweli hata kama ni ndogo, kwa mfano kuingiza oda za asubuhi kwenye Excel akiwa amekaa na dada wa mauzo. Siku ya pili apande gari na dereva. Wakubwa wengi huona hii ni kupoteza siku, mimi naiona siku yenye faida kuliko zote za wiki ya kwanza. Ataona foleni ya kutoka Mwenge kwenda Posta, ataona kwamba mgahawa wa Masaki haupokei mzigo wakati wa chakula cha mchana, na kwamba kwenye jengo fulani la maofisi mlinzi hafungui geti bila jina la mpokeaji kuandikwa kwenye hati ya mzigo. Akirudi ofisini hutahitaji kumkaririsha sheria ya kwamba oda ya Mbezi ikiingia mchana inapelekwa kesho. Ameiona barabarani.

Kuanzia wiki ya pili kila hatua ya ule mnyororo inapita ngazi tatu: anaangalia, anafanya nawe ukikagua kabla haijatoka, kisha anafanya mwenyewe nawe ukikagua baada ya kutoka. Kuhama kutoka kukagua kabla kwenda kukagua baada ndiko kunakoonyesha kwamba kazi imeanza kuwa yake, na mpango uonyeshe tarehe ya kuhama kwa kila hatua. Profoma inaweza kuhama mwanzoni mwa wiki ya tatu. Ufuatiliaji wa malipo husubiri ya nne, kwa sababu kumkumbusha mteja deni kunataka umjue kwanza.

Kwenye profoma kuna kosa moja la kutarajia. Orodha ya bei ya kampuni hii imeandikwa bila VAT. Mteja anaagiza katoni 10 za karatasi kwa shilingi 24,000 kila moja. Hiyo ni 240,000, VAT ya asilimia 18 ni 43,200, na jumla ni 283,200. Mgeni aliyedhani bei ina kodi ndani atatuma profoma ya 240,000, mteja ataipeleka kwa bosi wake, italipwa, na kampuni itabaki inajidai yenyewe. Ndiyo maana profoma za kwanza hukaguliwa kabla. Zikipita tano au sita mfululizo bila kusahihishwa, ahame ngazi. Hesabu ya zilizopita ni kipimo bora kuliko hisia za anayefundisha.

Jambo jingine la kuandikwa ni ruhusa ya kuuliza. Mzee wa stoo ni mtu mzima, binti anampa shikamoo kila asubuhi na anaona haya kumsumbua mara tatu kwa siku kumuuliza tofauti ya dumu mbili za sabuni zinazofanana. Basi mwenye kampuni aseme mbele ya wote wawili: «Mzee, huyu nakukabidhi Jumatano na Alhamisi asubuhi, mwonyeshe mzigo rafu kwa rafu, na akikuuliza mara mbili usichoke.» Kuanzia hapo kuuliza kumekuwa sehemu ya kazi, na mzee anajua ni wajibu wake, si hisani.

Mazungumzo ya ukaguzi yawe mwisho wa kila wiki, dakika 20 zinatosha. Usimuulize anaendeleaje, kwa sababu atakujibu anaendelea vizuri, bosi, na hutajua lolote. Muulize: «Oda ipi wiki hii ilikuchelewesha, na ulikwama wapi?» Jibu la swali hilo lina jina la mteja, hatua ya mnyororo, na mara nyingi jina la mtu ambaye hakupatikana kumsaidia.

Dalili za mpango kuharibika huonekana mapema. Moja ni maswali kukatika ghafla wiki ya pili. Anayejifunza kazi hii hawezi kukosa maswali siku ya nane, kwa hiyo ukimya huo aghlabu una maana kwamba alijibiwa vibaya mahali fulani. Ya pili ni maswali yote kwenda kwa mtu mmoja, wengine wamejitoa. Ya tatu ndiyo inayojificha zaidi: dada wa mauzo anasema «niachie tu, nitamaliza mimi» kila oda ikiwa ya haraka. Anadhani anasaidia, kumbe oda za haraka ndizo zenye mafunzo, na wiki ya nne binti atakuwa anajua oda rahisi peke yake.

Ikifika siku ya 20 na yuko nyuma, usimrundikie vyote siku kumi zilizobaki. Punguza mnyororo. Ufuatiliaji wa malipo uende mwezi wa pili, hatua tano za mwanzo zikamilike vizuri. Na ukiona hatua ileile inawashinda watu wawili mfululizo walioajiriwa, chunguza hatua yenyewe kwanza. Huenda orodha ya bei inachanganya, na dawa yake ni kuiandika upya bei ikiwa na VAT pembeni.

Siku mbili za wiki ya nne dada wa mauzo atoke kabisa kwenda kwa wateja, simu ya oda ibaki kwa binti. Hapo ndipo utajua. Siku ya 30 mwenye kampuni anakaa naye na ile karatasi ya mwanzo, wanapitia hatua sita moja moja: hii anafanya mwenyewe, hii bado inakaguliwa. Mhasibu atakuwa na kodi ya mishahara siku hiyo, kwa hiyo maoni yake yachukuliwe Ijumaa iliyotangulia. Kila hatua iliyobaki inaandikiwa tarehe na jina la atakayeifundisha, na karatasi hiyo inakuwa mpango wa mwezi wa pili.