Ndama Wawili, Baba Mmoja na Mama Mmoja: Yupi Awe Dume la Zizi?

Tuseme una ng'ombe chotara pale Misungwi, amekuzalia ndama dume wawili kwa mbegu ya dume yuleyule, mmoja mwaka juzi na mwingine mwaka huu. Ukitazama ukoo tu, huwezi kuwatofautisha. Kama baba amekadiriwa lita 600 juu ya wastani kwa kipindi cha kukamuliwa, na mama lita 200, kila ndama ataandikiwa 400.

Lakini ndama hupokea nusu ya vinasaba vya kila mzazi, na nusu hizo hazifanani. Ni kama kuchota dagaa na furu kwenye beseni moja mara mbili: makopo mawili, mchanganyiko tofauti. Zamani ilibidi usubiri mabinti wa dume wazae na wakamuliwe, miaka mitano au zaidi.

Sasa nywele za mkia zilizong'olewa na mizizi yake zinatosha. Maabara husoma alama zipatazo 50,000 kwenye vinasaba, na kila alama ndama anayo mara 0, 1 au 2. Kila alama ina uzito wake. Chukua tatu za mfano, zenye uzito wa lita +12, −5 na +8. Wa kwanza akiwa na 2, 1, 0 anapata 24 − 5 + 0, yaani 19. Mdogo wake mwenye 0, 1, 2 anapata 11. Hesabu hiyo ikiendelea hadi alama ya mwisho, unapata makadirio.

Uzito huo hutoka kwa maelfu ya ng'ombe waliopimwa vinasaba na maziwa pia. Meuwissen, Hayes na Goddard walieleza njia hii mwaka 2001, na Marekani ikaanza kuitumia rasmi kwa ng'ombe wa maziwa mwaka 2009. Uzito wa kwao hatuwezi kuuazima hivihivi. Alama kwa kawaida si kinasaba chenyewe bali jirani yake, na ujirani wa Friziani si ule wa zebu wetu. Ndiyo maana ADGG, mradi wa kuboresha ng'ombe wa maziwa Afrika chini ya taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo ILRI, umekusanya takwimu za ng'ombe wa Tanzania wenyewe.

Hapo kuna mtego unaonisumbua kuliko yote. Mfugaji mwenye ng'ombe wa damu nyingi ya Friziani mara nyingi ndiye mwenye pumba na mashudu. Usipolinganisha ng'ombe wa zizi moja, alama zitasifiwa kwa kazi ya pumba. Na hata ukilinganisha, huenda mizani inapima tu kiasi cha damu ya kigeni.

Kujua ni rahisi. Ficha rekodi za baadhi ya ng'ombe, wakadirie, kisha angalia ndani ya kundi lenye kiwango kimoja cha Friziani: je, waliokadiriwa juu ndio wenye maziwa? Kama sivyo, ndama wako mkubwa huenda ameshinda kwa kurithi Friziani zaidi kwa mama chotara, na mabinti zake watakutana na kupe wa ndigana kali wakiwa na kinga ndogo ya asili.