Kutoka km/h hadi m/s: acha vizio vikuongoze

Nafundisha fizikia sekondari, na ubishi huu hauishi darasani: kubadili km/h kuwa m/s, unazidisha kwa 3.6 au unagawanya? Aliyekariri hubaki kubahatisha. Mimi sitaki mwanafunzi akariri hata kidogo, kwa sababu vizio vyenyewe vinaonyesha la kufanya, mradi uviandike vyote.

Tuchukue basi la abiria linalokwenda 80 km/h, kasi ya juu inayoruhusiwa kisheria kwa mabasi Tanzania. Iandike kasi hiyo kama sehemu, kilomita 80 juu na saa 1 chini. Sasa, kilomita 1 ni mita 1000. Kwa hiyo sehemu yenye 1000 m juu na 1 km chini ina thamani ya 1, maana juu na chini ni urefu uleule. Ukizidisha kwa sehemu hiyo kasi ya basi haibadiliki, kinachobadilika ni kizio tu. Saa na dakika, dakika na sekunde, ni hivyo hivyo. Ziunganishe:

```
80 km   1000 m    1 h     1 min
----- × ------ × ------ × -----
 1 h     1 km    60 min    60 s
```

Tazama mpangilio. Kilomita zilikuwa juu, basi kwenye sehemu inayofuata nimeziweka chini ili zikatane. Saa ilikuwa chini, nikaileta juu. Dakika zimeingia chini na kukatwa na dakika ya juu. Baada ya kukata, kilichosalia ni m juu na s chini, yaani m/s tunayoitaka. Hapo ndipo unaposhika namba: 80 × 1000 ni 80 000, gawanya kwa 3600, unapata 22.2 m/s.

Ukigeuza sehemu moja, tuseme ukaweka 60 min juu na 1 h chini, saa haikatiki. Unabaki na h² chini na dakika zinazoning'inia. Kosa umeliona kabla hata ya kugusa kikokotoo, jambo ambalo 3.6 ya kukariri haiwezi kukuonyesha.

Jibu nalo lipimwe kwa akili. Usain Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, wastani wa takriban 10.4 m/s. Basi kumzidi mara mbili ni jambo la kawaida. Aliyezidisha kwa 3.6 atapata 288 m/s, na kasi hiyo inakaribia ya sauti hewani, ambayo ni kama 340 m/s.

Jambo moja huwaponza hata wanaopanga vizuri: kukadiria katikati ya njia. Wanagawanya 1000 kwa 3600, wanaandika 0.3, kisha wanazidisha kwa 80 na kupata 24 m/s. Vizio viko sawa kabisa, ila jibu limezidi kwa karibu 2 m/s. Mnyororo hauwezi kukuonya kuhusu hilo, kwa hiyo acha namba zote kwenye sehemu zake na ukadirie mara moja tu, mwishoni.