Balbu ya wati 100 na ya wati 40: ipi inang'aa zaidi?

Dhana: Ya wati 100 hung'aa zaidi popote utakapoifunga.

Ukweli: Wati zilizoandikwa kwenye balbu ni ahadi yenye sharti, nayo hutimia balbu ikipata volti 230 kamili. Katika nyumba ya Ngamiani pale Tanga, taa ya sebuleni na ya jikoni zimefungwa sambamba, kila moja na laivu yake na nyutro yake. Zote zinapata volti 230, kwa hiyo ya wati 100 inavuta ampea 0.43, ya wati 40 inavuta 0.17, na ile kubwa inashinda.

Sasa chukua balbu hizo hizo za uzi, uzifunge kwa mfuatano: laivu iingie holda ya kwanza, itoke kwenda ya pili, ndipo irudi nyutro. Zima swichi kuu kabla ya kugusa waya. Ukiwasha, ya wati 40 inang'aa vizuri, na uzi wa ile ya wati 100 unabaki mwekundu hafifu kama kaa linalozimika. Mchana huenda usiuone kabisa.

Sababu ni ukinzani, yaani jinsi uzi unavyozuia mkondo kupita. Zidisha volti 230 kwa 230, ugawe kwa wati zilizoandikwa: ya wati 40 ina omu 1,322, ya wati 100 ina omu 529 tu. Katika mfuatano mkondo ni mmoja kwa zote, hapa kama ampea 0.124, na mwenye ukinzani mkubwa ndiye anayechukua volti nyingi. Ndogo inapata volti 164 na kutumia wati 20. Kubwa inaambulia volti 66 na wati 8. Ukipima kwa mita utakuta pengo kubwa zaidi ya hilo, kwa sababu uzi usiopata moto ukinzani wake hushuka, na balbu kubwa inazidi kupoteza sehemu yake.

Hapo ndipo wengi hukwama: wanapima balbu ya wati 100 ikiwa imezimwa, mita inasoma omu 40 hivi, wanadhani hesabu ni ya uongo. Uzi baridi sio uzi unaowaka.

Dhana: Balbu ya kwanza hula umeme, ya pili hupata makombo.

Ukweli: Badilisha nafasi zao. Ya wati 40 itang'aa zaidi hata ikiwa ya mwisho, maana mkondo unaoingia ndio unaotoka. Ukifungua mojawapo, zote zinazimika.

Dhana: Hata balbu za LED hufuata hesabu hii.

Ukweli: Ndani yake mna saketi inayorekebisha mkondo, si uzi. Ukizifunga kwa mfuatano zinaweza kumetameta, kuwaka moja tu, au kukataa kabisa. Jaribio hili tumia balbu za uzi.