Kimo cha GPS na kimo cha maji: jioidi na elipsoidi kando ya Ziwa Victoria

Ukiweka risiva ya GPS kwenye ukingo wa maji pale Kamanga, kisha ukasoma kimo ghafi kilichoandikwa `h`, utaona namba iliyo chini ya kimo cha Ziwa Victoria kwa mita kumi na kadhaa. Ramani zinasema uso wa ziwa uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Vijana wanaojifunza kazi huniuliza, "Mzee, mashine imeharibika?" Mashine ni nzima. Inapima kutoka kwenye uso mwingine kabisa.

Dunia inazunguka, na mzunguko huo umeitanua kwenye ikweta na kuibonyeza kwenye ncha. Kutoka kiini hadi ikweta ni kama kilomita 6,378, lakini kutoka kiini hadi ncha ni kama 6,357. Tofauti ni kilomita 21 na ushee. Mwanza tuko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo tumekaa karibu juu kabisa ya huo uvimbe. Uso wa ziwa letu uko mbali na kiini cha dunia kuliko bahari ya Ncha ya Kaskazini kwa zaidi ya kilomita 22, na bado maji hayatelemki kwenda huko. Sababu ni kwamba "chini" si mwelekeo wa kiini cha dunia. Chini ni kule timazi inakovutwa na graviti ikijumlishwa na athari ya mzunguko. Maji hufuata timazi.

Elipsoidi ni umbo la hesabu linalokaribia uvimbe huo. Ile ya WGS84, inayotumiwa na GPS, imefafanuliwa kwa namba mbili tu: nusu kipenyo cha ikweta, mita 6,378,137, na kiasi cha kubonyea, takriban 1/298.257. Ni laini, haina mlima wala bonde, na ndiyo maana kompyuta inaipenda. Jioidi yenyewe ni uso wa graviti: pale ambapo bahari tulivu ingesimama kama ungeweza kuipitisha chini ya mabara. Miamba ndani ya dunia haina uzito sawa kila mahali, basi uso huo unapanda na kushuka. Huku kwetu jioidi iko chini ya elipsoidi, hivyo tofauti yake, `N`, ni hasi. Hesabu ni hii:

```
H = h - N
```

`H` ndicho kimo cha juu ya usawa wa bahari. Risiva ikisoma 1,118 na `N` ikiwa −16, unapata 1,134.

Kosa la mita 16 halinitishi, kwa sababu kila mtu huliona. Linalonitisha ni lile linalojificha. Mpimaji anapima kwenye bichimaki moja, yaani alama ya kudumu ambayo kimo chake kinajulikana, anaona upungufu, anaongeza mita 16 kwenye pointi zote na kuendelea. Kwenye kiwanja cha nyumba pale Nyegezi hakuna madhara. Kwenye bomba la kilomita 10 mambo hubadilika, maana `N` yenyewe haitulii.

Tuchukue namba za mfano. Pointi A ina `h` 1,150.00 na B ina 1,149.70. Ukiongeza mita 16 kote, B iko chini kwa sentimita 30, na unachora maji yatiririke kutoka A kwenda B. Sasa tuseme `N` ya A ni −16.10 na ya B ni −16.60. Kimo halisi cha A ni 1,166.10, cha B ni 1,166.30. B iko juu kwa sentimita 20. Mtaro umechimbwa, saruji imemwagwa, na maji yanarudi yalikotoka.

Dawa ni kupakia modeli ya jioidi, mfano EGM2008, kwenye kontrola, kile kifaa cha mkononi kinachoongoza risiva, halafu kuikagua kwa bichimaki zilizopimwa kwa leveli, angalau moja kila mwisho wa mradi. Modeli za dunia nzima hukosea kwa desimita hapa na pale, hasa palipo na vipimo vichache vya graviti. Bichimaki zote zikionyesha tofauti ileile, ni suala la kuhamisha kimo tu. Tofauti ikikua kadiri unavyosogea, modeli imeinama, au moja ya bichimaki imesogezwa.

Mahali ambapo hakuna bichimaki ya kuaminika, ziwa lenyewe linasaidia. Alfajiri, kabla ya upepo, weka risiva mbili kwenye ukingo wa maji, tuseme moja Igombe na nyingine Kirumba, zisome kwa wakati mmoja. Maji hapo yako kwenye kimo kimoja, kwa hiyo tofauti ya `h` inapaswa kukaribiana na tofauti ya `N` iliyotolewa na modeli. Usifanye hivyo mchana: upepo wa ziwani unasukuma maji upande mmoja, na mawimbi yanakunyima ukingo wa kusoma. Hata alfajiri jibu lina kosa la sentimita chache, kwa hiyo mtaro wenye mteremko mdogo naumalizia kwa leveli, stafu kwa stafu.