Kuzingatia yasiyohusika na kutumia mamlaka kwa kusudi lisilo lake: mahakama hutazama nini kwenye leseni na vibali

Sheria humpa ofisa, kamati au waziri mamlaka ya kutoa na kunyima leseni kwa ajili ya mambo fulani: afya ya walaji, usalama wa barabara, utulivu wa mtaa, mpangilio wa ardhi. Mambo hayo ndiyo mpaka wa mamlaka yenyewe. Hata sheria ikisema kwamba kamati itaamua "kadiri itakavyoona inafaa", mahakama haisomi maneno hayo kuwa ruhusa ya kuamua kwa lolote linalomjia mwenyekiti kichwani. Hapo ndipo zinapoingia hoja mbili katika maombi ya mapitio ya mahakama, yaani pale mtu anapoiomba mahakama ichunguze kama uamuzi wa kiutawala ulifuata sheria. Ya kwanza ni kwamba mwamuzi alizingatia jambo lisilohusika, au aliliacha linalohusika. Ya pili ni kwamba alitumia mamlaka kwa kusudi ambalo hakupewa mamlaka hayo kwa ajili yake.

Mara nyingi hoja hizi huenda pamoja, lakini si kitu kimoja. Katika ya kwanza mwamuzi anaweza kuwa mtu mwema, anayefanya kazi aliyopewa, ila ameingiza katika hesabu yake kitu ambacho hakikustahili kuingia. Katika ya pili kazi yenyewe imebadilika: leseni imegeuzwa chombo cha kupatia kitu kingine, kama kumwadhibu mtu au kukusanya fedha.

Kwetu hoja hizi zina mizizi imara. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Sanai Murumbi dhidi ya Muhere Chacha lililoripotiwa mwaka 1990, iliziorodhesha miongoni mwa sababu za kufuta uamuzi: kuzingatia yasiyopaswa kuzingatiwa, na kuacha yaliyopaswa. Kenya ina Ibara ya 47 ya Katiba na, chini yake, Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015. Kifungu cha 7(2) kinataja kuacha mambo yanayohusika, kuwa na nia iliyofichika ya kudhuru haki za mtu, na kuamua kwa maagizo ya mtu ambaye hana mamlaka kisheria ya kuyatoa.

Wengi huipotosha hoja ya kwanza kwa kudhani kwamba jambo lisilohusika lazima liwe baya, kama rushwa au ukabila. Shauri lililoamuliwa na Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza Novemba 2019 linaonyesha vizuri kwamba sivyo. Kampuni moja iliomba kibali cha kubadilisha matumizi ya shamba la Severndale, katika wilaya ya Forest of Dean, ili isimamishe mtambo mmoja wa umeme wa upepo. Mradi ungeendeshwa na ushirika wa manufaa ya jamii, na kila mwaka asilimia 4 ya mapato ya mauzo ingeingia katika mfuko wa maendeleo wa eneo hilo. Halmashauri iliuhesabu mchango huo miongoni mwa sababu za kukubali, ikatoa kibali na kuweka masharti ya kuubana mradi utekeleze ahadi hiyo. Mkazi mmoja akapinga, akashinda Mahakama Kuu, akashinda kwenye rufaa, na mwisho akashinda tena mbele ya majaji wa juu, wote kwa kauli moja.

Hakuna aliyesema kwamba mfuko wa jamii ni kitu kibaya. Swali lilikuwa je, fedha hizo zina uhusiano gani na matumizi ya ardhi yale? Mahakama ilitumia kipimo kilichozoeleka Uingereza: jambo linalohusika katika kibali cha ardhi liwe na lengo la mipango ya ardhi, na lihusiane kwa haki na uendelezaji unaoombwa. Fedha za mfuko zingeweza kutumika kwa shughuli yoyote ya jamii. Hazikuwa za kupunguza kelele za mtambo, wala kulinda mandhari, wala kutengeneza njia ya kufikia shamba. Zilikuwa kivutio cha kuwafanya watu waukubali mradi, na kibali cha ardhi hakinunuliwi wala hakiuzwi. Halmashauri ilijitetea kwamba sera ya serikali inahimiza miradi inayomilikiwa na jamii. Utetezi huo haukusaidia, kwa sababu sera haiwezi kuligeuza jambo lisilohusika likawa linalohusika.

Lilinganishe hilo na shauri la Tesco la mwaka 1995, nalo la Uingereza. Tesco ilitaka kibali cha duka kubwa mjini Witney, ikajitolea kulipia barabara mpya kwa pauni milioni 6.6. Waziri aliona kwamba duka lenyewe lingeongeza magari machache tu, akaupa mchango huo uzito mdogo, na kibali kikaenda kwa mshindani. Tesco ilishindwa. Barabara ilikuwa na uhusiano fulani na duka, kwa hiyo waziri aliweza kuitazama. Lakini ni uzito gani autie, huo ulikuwa uamuzi wake, si wa majaji.

Kwenye mstari huo kati ya uhusiano na uzito ndipo maombi mengi yanapovunjika. Mahakama huamua kama jambo linahusika au halihusiki kisheria. Likishaonekana linahusika na limetazamwa, mahakama haitaki kusikia kwamba lilipaswa kupewa uzito zaidi, isipokuwa kama uamuzi umefikia kiwango cha kutokuwa na mantiki, na hiyo ni hoja nyingine yenye kipimo kigumu. Mwombaji anayeandika katika kiapo chake kwamba "kamati haikuthamini vya kutosha ajira nitakazoleta" amekwisha kukiri kwamba kamati ilizitazama ajira hizo.

Katikati kuna kundi ambalo wanasheria wachanga hulisahau. Kuna mambo ambayo sheria inamlazimisha mwamuzi kuyatazama, kuna ambayo inamkataza, na kuna mengi ambayo anaweza kuyatazama au kuyaacha. Kuliacha jambo la kundi hilo la tatu kwa kawaida si kosa. Ndiyo maana kazi huanza na sheria yenyewe. Chukua leseni ya baa nchini Kenya. Mtu angedhani kwamba wingi wa baa mtaani haumhusu mwombaji mpya, kwamba ni njia ya kuwalinda wenye baa za zamani. Lakini Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, kifungu cha 12, inaitaka kamati ijiridhishe kama baa zilizopo hazitoshi kwa mahitaji ya eneo kulingana na idadi ya watu, na pia kama baa iko angalau mita 300 kutoka shule ya walio chini ya miaka 18. Kwa hiyo idadi ya baa inahusika, na umbali wa shule unahusika. Kwamba mwombaji alimpigia debe mgombea aliyeshindwa, hakuna kifungu kinachoweza kulibeba hilo. Kaunti nazo zina sheria zake za vileo, kwa hiyo isome ya kaunti husika kabla ya kuandika neno.

Kwenye kusudi lisilofaa, shauri linalofundisha kuliko yote ninayoyajua ni la Kanada, Roncarelli dhidi ya Duplessis. Frank Roncarelli alikuwa na mgahawa Montreal, na leseni ya pombe ilikuwa imedumu katika familia yake kwa miaka 34. Alikuwa Shahidi wa Yehova, na aliwawekea dhamana waumini wenzake wapatao 380 waliokamatwa kwa kugawa machapisho yao. Tarehe 4 Desemba 1946 leseni yake ilifutwa na pombe yake ikachukuliwa. Maurice Duplessis, Waziri Mkuu wa Quebec na Mwanasheria Mkuu wake, alikuwa amempa mkuu wa tume ya vileo maagizo, na alitangaza kwamba mtu huyo hatapata leseni tena daima. Sheria ya vileo ilisema tume inaweza kufuta leseni kwa hiari yake.

Mwaka 1959 Mahakama ya Juu ya Kanada ilimpa Roncarelli fidia ya dola 33,123.53. Jaji Rand alieleza kwamba hakuna hiari isiyo na mipaka, na kwamba kumwekea mtu dhamana ni haki ambayo haina uhusiano wowote na kuuza pombe mgahawani. Hoja zote zimo hapo kwa pamoja: jambo lisilohusika lilitazamwa, leseni ilifanywa adhabu, na mwenye mamlaka kisheria aliamua kwa kufuata amri ya mtu asiyekuwa nayo. Ilikuwa kesi ya madai ya fidia, si maombi ya mapitio, lakini msingi wake hutajwa hadi leo katika mapitio.

Duplessis alirahisisha ushahidi kwa kujitangaza. Kwa kawaida barua ya kukataa huwa na mstari mmoja: "ombi lako halikufaulu." Hatua ya kwanza basi ni kudai sababu kwa maandishi. Kenya, kifungu cha 6 cha ile Sheria ya 2015 kinampa mwamuzi miezi mitatu kuzitoa, na asipozitoa itachukuliwa, hadi athibitishe vinginevyo, kwamba hakuwa na sababu nzuri. Omba pia kumbukumbu za kikao na ripoti za wakaguzi. Kisha panga tarehe. Ripoti ya afisa wa afya ikisema eneo linafaa, wiki moja baadaye mwombaji akagombana hadharani na kiongozi, na siku mbili baada ya hapo leseni ikakataliwa bila ukaguzi mpya, mfuatano huo unasema jambo. Barua ya ofisi nyingine ndani ya jalada inasema zaidi. Fununu za mtaani hazisemi kitu, na kudai nia mbaya bila hati hudhoofisha hata hoja zilizo na nguvu.

Makusudi yakichanganyika, halali na haramu, mahakama hutafuta lipi lilikuwa kuu, na kama lile lisilofaa liliathiri matokeo. Kosa ambalo lisingebadilisha chochote linaweza kusamehewa.

Usiende mahakamani moja kwa moja pia. Katika kibali cha uendelezaji Kenya, Sheria ya mwaka 2019 ya mipango ya matumizi ya ardhi inatoa siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya upatanisho ya kaunti, na mahakama hurudisha nyuma waliozipita njia za ndani bila sababu ya kipekee. Tanzania, maombi ya ruhusa ya kufungua mapitio yafunguliwe ndani ya miezi sita tangu uamuzi.

Ukishinda, kwa kawaida uamuzi hufutwa na ombi kurudishwa likaamuliwe upya, pengine na kamati ileile. Mahakama haikupi leseni, na kamati inaweza kukataa tena kwa sababu halali. Kwa mwenye leseni iliyofutwa, kinachookoa biashara ni amri ya muda ya kusimamisha uamuzi, nayo iombwe siku ileile ya kufungua maombi. Mgahawa wa Roncarelli ulikuwa umefungwa miaka mingi kabla ya hukumu yake kutolewa.