Namba ya kibao si kikomo

"Dakika 4 za nyongeza zimekwisha, refa anangoja nini?"

Hangoji bao, ingawa jukwaani pale Sokoine, Mbeya, wapo wanaoapa hivyo. Namba ya kibao kinachoinuliwa mwishoni mwa kipindi ni kiwango cha chini: refa anaweza kuiongeza, hawezi kuipunguza. Huipata kwa kukadiria muda uliopotea kwenye mabadiliko ya wachezaji, majeruhi, kadi, kushangilia mabao na kuchelewesha mchezo makusudi. Mpira wa kurusha wa kawaida haumo.

Tuseme kibao kimeonyesha 4, kisha dakika ya 92 kipa anatibiwa uwanjani kwa dakika moja na nusu. Muda huo unawekwa juu ya zile 4, hivyo filimbi italia karibu dakika ya 95 na nusu. Na penalti ikitolewa mwishoni, lazima ipigwe hadi ikamilike, hata muda ukiwa umekwisha.